Odi ya Mwisho
Na Onyango Rabuor

Mbele ya kinyozi mmoja hapa Ogwedhi, kijana wa bodaboda alininyooshea simu. Beti 20 za shilingi 100, odi karibu 1.90 kila moja, na 14 zimeingia. Faida 660. Sasa anataka wenzake wamlipe awape mikeka.

Nikamwambia turushe sarafu. Vijana 100 wakirusha sarafu mara 20 kila mmoja, karibu sita watapata vichwa 14 au zaidi. Ukikutana na hao sita peke yao, utadhani wana jicho. Mwenye faida ya kweli ya asilimia tatu kwa kila beti anahitaji zaidi ya beti 4,000 ndipo pesa zake zimtofautishe na mwenye bahati.

Kuna kipimo cha haraka zaidi, na dalali wa ng'ombe sokoni hapa anakijua bila kufundishwa. Akinunua fahali asubuhi kwa 38,000, na mchana wanunuzi wameshajaa wanatoa 42,000 kwa fahali wa aina hiyo, amenunua vizuri. Fahali akivunjika mguu njiani, hiyo ni ajali. Jicho lake halijakosea.

Katika kubeti, bei ya mchana ni odi ya mwisho, ile inayobaki kabla tu ya mpira kuanza. Kufikia hapo habari za majeruhi na vikosi zimetoka, na pesa za wajuzi zimeshaingia. Tuseme umeichukua Arsenal Jumanne kwa 2.10, na odi za mwisho ni 1.90 Arsenal, 3.30 sare, 4.20 wapinzani. Usishangilie bado, kampuni imeficha fungu lake humo. Gawanya 1 kwa kila odi, ujumlishe: unapata 1.067. Zidisha 1.90 kwa hiyo, upate 2.03, bei isiyo na fungu la kampuni. Wewe una 2.10, umepita kwa zaidi kidogo ya asilimia tatu. Ungekuwa umechukua 2.00, ungeipita 1.90 na bado ungekuwa upande wa hasara. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Beti mia moja hivi za kipimo hiki zinaanza kusema kitu, kwa sababu hakiyumbishwi na penalti ya dakika ya 90.

Ila kinataka soko lenye watu. Ligi Kuu ya Uingereza inafaa. Kwa mechi ya ligi yetu, hata Gor wakicheza, pesa zinazoingia ni chache, na odi ya mwisho inaweza kuwa kisio la karani mmoja tu.

Tulichukua beti tano za karibuni za yule kijana, ambazo odi zake za mwisho alizikumbuka. Nne alizinunua kwa 1.90 na zikafika 2.00 kabla ya mpira kuanza. Zote nne ziliingia. Akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza kinyozi kama ana kalamu.