ACHENI KUWEKA ALAMU YA DAWA. WEKENI ALAMU YA CHAKULA (Sehemu ya 4)

Wapendwa, leo nitawaudhi baadhi yenu. Kila nikiandika kuhusu wazazi wenye kisukari tunaoishi nao nyumbani, kwenye maoni najibiwa vilevile: "Nesi, si aweke tu alamu kwenye simu?" Hilo neno "tu" ndilo ninaloligombania leo. Kwa mgonjwa anayemeza vidonge vya aina moja, sawa, alamu inatosha. Kwa mwenye vidonge vya aina nne vinavyotegemea chakula, alamu iliyoandikwa DAWA na kulia saa 1 asubuhi inaweza kumpeleka wodini akiwa amefuata ratiba vizuri kabisa.

1.
Chukueni mama mmoja wa miaka 56, anaishi na mwanawe, mkamwana na mjukuu wa chekechea. Ana kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Dawa zake ni omeprazoli ya 20 mg mara moja, glibenklamidi ya 5 mg asubuhi, metformini ya 500 mg asubuhi na jioni, na amlodipini ya 5 mg mara moja. Kijana wake kaweka alamu saa 1 kamili. Ikilia, mama anameza vyote vya asubuhi kwa mkupuo, maji glasi moja, kamaliza.

Siku moja mkamwana kampeleka mtoto shule, daladala zikasumbua, chai ikachelewa hadi saa 4. Mama hakutaka kumsumbua mtu, akakaa anasubiri. Ilipofika saa 3 na nusu jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anamwita jirani kwa jina la marehemu dada yake. Jirani akasema presha imepanda. Walipofika kwetu, sukari ilikuwa 2.6. Ikishuka chini ya 4 tu, tayari ni hatari kwa mtu anayetumia dawa hizi.

Na unajua familia ilisemaje? "Lakini alamu ililia, na dawa alimeza!" Ndiyo, alimeza. Shida ilianzia hapo hapo.

2.
Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini. Haiulizi kama umekula au hujala, inasukuma tu, na kazi yake inaendelea kwa saa nyingi. Kwa hiyo kidonge hiki kinamezwa sahani ikiwa mezani mbele ya mgonjwa. Sahani iliyoko jikoni bado haihesabiki, wala ile ambayo "inakuja sasa hivi".

Metformini tabia yake ni nyingine. Yenyewe peke yake haishushi sukari ghafla hivyo, ila kwenye tumbo tupu inaleta kichefuchefu na kuharisha. Imeze katikati ya chakula au ukimaliza tu kula. Omeprazoli ndiyo kinyume chao, inataka itangulie chakula kwa nusu saa hivi. Amlodipini haina mambo mengi, ile au usile, mradi iwe muda uleule kila siku.

Sasa niambieni, alamu moja ya DAWA itayajuaje yote hayo?

3.
Ratiba ya yule mama tuliipanga upya na mkamwana wake, tukianza na jiko. Nilimuuliza swali moja: chakula kinakuwa mezani saa ngapi kweli, siku ambayo umechelewa? Akasema saa 2 na nusu. Basi hiyo ndiyo ikawa saa yetu, tukaachana na ile saa 1 ya kwenye makaratasi.

Alamu ya kwanza inalia saa 2 kamili, na kwenye lebo yake tuliandika OMEPRAZOLI, BANDIKA UJI. Ya pili saa 2 na nusu: CHAKULA KIPO? Ona, ni swali. Kama jibu ni hapana, hakuna kidonge kinachoguswa, alamu inaahirishwa dakika 10. Chakula kikiwepo, anameza glibenklamidi na kuanza kula, na metformini anaimeza katikati ya mlo. Ya tatu saa 1 na nusu usiku, chakula cha jioni, nayo inauliza vilevile: metformini na mlo, amlodipini hapohapo ili asibebe alamu ya nne.

Pembeni ya meza kuna kalenda ya ukutani na kalamu imefungwa uzi. Akimeza, anaweka alama. Alamu inajua kulia tu, haijui kama umemeza, na mtu akiizima huku anapokea simu ya shangazi, baada ya dakika tano hakumbuki. Hapo ndipo wengi wanameza mara ya pili. Kama kalenda haina alama na hamna uhakika, msirudie glibenklamidi kwa kubahatisha, na msimeze mbili jioni kufidia ya asubuhi.

4.
Mambo mawili yananikera mno.

La kwanza, alamu imewekwa kwenye simu ya baba, na baba anatoka saa 12 asubuhi. Inalia kazini! Halafu mama akizidiwa anayelaumiwa ni mkamwana. Alamu ikae kwenye simu inayobaki nyumbani, hata kiswaswadu cha bibi mwenyewe kinatosha.

La pili ni saa zetu. Bahasha imeandikwa "saa 2 asubuhi na saa 2 usiku", kijana akaingiza 2:00 kwenye simu. Simu inahesabu kizungu, hiyo ni saa 8 usiku na saa 8 mchana. Kuna familia bibi yao aliamshwa usiku wa manane wiki nzima, anameza metformini tumbo tupu, anaharisha, mwishowe akatangaza dawa imemkataa na akaacha. Saa 2 asubuhi kwenye simu ni 08:00, na saa 2 usiku ni 20:00. Wekeni simu kwenye mfumo wa saa 24, utata unaisha.

Na wenzangu wa dirisha la dawa, 1x2 kwenye bahasha si maelezo. Mama aliyepewa bahasha nne zimeandikwa tarakimu tupu hajaambiwa kitu. Mama zangu, msiondoke pale dirishani. Ulizeni kwa kila bahasha: kabla ya kula, wakati wa kula, au baada? Andikeni wenyewe juu yake kwa kalamu.

5.
Siku mgonjwa hali, anatapika au anaharisha, alamu zisiendeshe nyumba. Glibenklamidi bila chakula hapana, metformini nayo isubiri, na mpigie simu au mpeleke kliniki siku hiyohiyo.

Mkiona jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla au maneno yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji. Pimeni tena baada ya dakika 15, ikiwa bado chini rudieni, kisha ale chakula. Hata akichangamka mleteni hospitali, kwa sababu glibenklamidi bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena baadaye. Akiwa amezimia msimmiminie chochote mdomoni, mleteni mbio.

Na kama mzazi wako amevuka miaka 60 na bado anatumia glibenklamidi, muulize daktari kuhusu kubadilishiwa. Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa umri huo. Msiiache wenyewe, ulizeni.

Wanaofunga Ramadhani, njooni kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ratiba nzima inageuka. Wenye insulini msinakili hii ya leo, yenu naiandika Sehemu ya 5.