Si kila moto huko chini ni gono, wakati mwingine ni kiti

Kutoka Thika mpaka Ruiru, mwanaume akisema tu kwamba anaungua huko chini, kesi ishaamuliwa. Steji inacheka. Mwenye duka la dawa anatoa vidonge bila kuuliza swali la pili. Nyumbani, bibi anaanza kuhesabu ni usiku upi jamaa alirudi amechelewa. Mimi nasema kuna swali moja tungekuwa tunauliza kabla ya kicheko na kabla ya dawa: ukisimama, inapungua?

Binamu yangu ni dere wa matatu ya Thika kwenda Nairobi. Ni mkubwa wangu kwa miaka mingi, na nilipoacha chuo yeye ndiye hakunihubiria, kwa hivyo mambo ambayo hawezi kusema pale steji huwa ananiambia mimi. Aliambiwa na daktari apunguze tumbo, akanunua baiskeli ya mtumba ya mbio, ile yenye siti nyembamba kama kisu na usukani uliopinda chini. Kila Jumapili alikuwa anaikanyaga kutoka Ruiru kuelekea Juja na Thika, halafu anarudi. Akishuka, huko katikati kulikuwa na ganzi. Akijigusa ni kama anagusa mwili wa mtu mwingine. Baada ya dakika kumi hivi damu inarudi, anasahau.

Baada ya wiki kadhaa ganzi ikaanza kuja na moto, na sasa haikuwa Jumapili pekee. Ikawa ni kazini. Asubuhi akiamka yuko sawa kabisa. Safari ya kwanza, sawa. Ya pili, anaanza kujikunyata kwa kiti. Ikifika jamu ya jioni pale Githurai, anasema ni kama amekalia kaa la moto, na juu ya kaa kuna jiwe. Akishuka kusimama kando ya gari, moto unashuka nusu. Akirudi kukaa, unarudi.

Alimeza antibaiotiki raundi tatu na kudungwa sindano moja, zote bila kupimwa. Hazikusaidia. Mwishowe akapimwa mkojo na magonjwa ya zinaa. Safi. Bibi yake akapimwa. Safi. Lakini tayari walikuwa wamelala vyumba tofauti karibu miezi miwili, na huo muda haurudishwi na karatasi ya maabara.

Sasa, kile kitu alikuwa nacho. Sehemu kati ya siri zako na njia ya haja kubwa inaitwa msamba. Hisia za hapo zinabebwa na neva ya pudenda, moja kila upande. Inatoka chini ya uti wa mgongo, inapita katikati ya kano mbili ngumu za nyonga, kisha inaingia kwa mfereji mwembamba kando ya mfupa wa kukalia. Mfereji huo unaitwa wa Alcock, jina la daktari wa Ayalandi wa karne ya 19. Neva hiyo inahudumia uume au kinembe, ngozi ya msamba, na misuli inayofunga mkojo na choo. Yaani ukiiumiza, inaweza kulalamika sehemu tatu tofauti, na ndiyo maana mmoja anafikiri ni gono, mwingine tezi dume, mwingine bawasiri.

Ukikaa vizuri, uzito wako unabebwa na mifupa miwili ya kukalia, ile unaisikia ukikaa kwa benchi ya mbao. Msamba unabaki hewani. Shida inaanza kiti kikibadilisha huo mpango. Siti ya baiskeli ikiwa nyembamba kuliko mifupa yako, au pua yake ikiangalia juu, uzito unahama unaenda katikati, na neva inasagwa kati ya siti na mfupa. Ukiinama kushika usukani wa chini inakuwa mbaya zaidi. Si jambo jipya. Madaktari wa Ufaransa waliliandika kuhusu waendesha baiskeli mwaka 1987.

Kwa dere ni polepole. Kiti cha matatu kilichokaliwa miaka mingi kinabonyea katikati, sponji inakuwa kama bakuli. Mifupa inazama, msamba unabeba. Ongeza mtetemo wa injini, ongeza saa za kukaa bila kunyanyuka kwa sababu makanga anapiga mbavu ya gari uondoke. Na hapa naomba nigombane kidogo na wenye magari. Nganya inawekwa skrini, spika za kutikisa mpaka Kasarani, taa za buluu, halafu kiti cha mtu anayeibeba hiyo pesa yote ni sponji imekufa na kipande cha karatoni. Mimi hiyo siiti umaskini.

Kujua kama ni neva, hakuna kipimo cha damu. Hata picha ya MRI mara nyingi inatumiwa kuondoa magonjwa mengine, si kuonyesha hili. Madaktari wa Nantes, Ufaransa, walichapisha vigezo mwaka 2008 ambavyo bado vinatumika, na uzuri wake ni kwamba vingi ni maswali tu. Maumivu yako ndani ya eneo la hiyo neva? Yanazidi ukikaa? Usiku hayakuamshi kutoka usingizini? Daktari akikugusa, bado unahisi ngozi, hata kama wewe unasema kuna ganzi? Cha mwisho ni sindano ya kufisha ganzi karibu na neva: maumivu yakipotea kwa hizo saa chache, jibu linaelekea hapo, ingawa peke yake haitoshi kuthibitisha.

Kuna dalili nyingine ambayo wagonjwa wengi hutaja: ukikaa kwa choo cha kukalia, maumivu yanapungua, kwa sababu katikati hakuna kitu kinachogusa msamba. Binamu hangeweza kuligundua hilo nyumbani, ploti yao ni choo cha kuchuchumaa. Aligundua kwa gereji akingoja gari, alipokaa juu ya tairi kuukuu. Mapaja na mifupa juu ya mpira, katikati wazi. Moto ukatulia akiwa amekaa, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Hapo ndipo alinipigia. "Kijana, nimekaa na haiumi."

Akapata fiziotherapisti anayejua misuli ya nyonga. Hao si wengi, lakini kwa hospitali kubwa uliza idara ya fiziotherapia moja kwa moja, usiseme tu "mgongo". Alichoambiwa kilikuwa kinyume na ushauri wa mitandaoni. Ile zoezi ya kukaza misuli ya chini kama unazuia mkojo, yeye aliambiwa aache. Misuli yake ilikuwa tayari imekaza kulinda eneo linalouma, na kuikaza zaidi kunaongeza moto. Alifundishwa kuilegeza: kulala chali, magoti juu, kupumua ndani mpaka tumbo la chini lijae. Pia asijikamue chooni, kwa sababu kusukuma kwa nguvu kunavuta hiyo hiyo neva. Daktari akamwandikia dozi ndogo ya amitriptilini usiku. Ni dawa ya zamani ya msongo wa mawazo inayotumika pia kutuliza neva, na inaleta usingizi, kwa hivyo dere haipaswi kujiandikia mwenyewe.

Lakini dawa bila kubadilisha kiti ni kupangusa maji na bomba liko wazi. Kwa matatu, walinunua kipande cha sponji ngumu kwa fundi wa magodoro, unene wa vidole vinne hivi, wakakata mfereji katikati kutoka nyuma mpaka mbele, upana wa kiganja. Umbo la herufi U. Lazima iwe sponji ngumu, kwa sababu laini inazama na msamba unarudi kuguswa. Na ukiweka mto, umekaa juu zaidi, kwa hivyo rekebisha kiti na vioo kabla hujatoka. Kila mwisho wa safari anashuka, anasimama, anatembea mpaka gari lijae.

Baiskeli aliipumzisha kwanza mpaka moto ushuke. Ukitaka kujua siti yako inafaa upana gani, weka karatoni ya mawimbi juu ya stuli ngumu, ikalie, nyanyua magoti kidogo, uinuke. Utaona mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, ongeza sentimita 2 hivi, huo ndio upana wa siti wa kuanzia. Pua iwe usawa au ishuke kidogo tu, na siti isiwe juu mpaka nyonga zako zinacheza kushoto kulia ukikanyaga. Kila dakika kumi simama juu ya pedali. Hizo siti za jeli laini kama keki usidanganyike nazo, ukizama zinapanda katikati.

Mkisema siti haiwezi kuwa na maana hivyo: taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, iliwapa polisi 90 wanaume wa doria za baiskeli siti zisizo na pua, wakazitumia miezi 6. Mwanzoni waliosema hawapati ganzi huko chini walikuwa asilimia 27. Mwishoni walikuwa asilimia 82. Hawakupewa kidonge.

Sisemi mtu asipimwe gono. Pimwa, mara moja, vizuri, halafu kama ni safi acha kurudia vidonge. Ukiwa na usaha, homa au damu, hiyo si habari ya kiti. Maumivu yakikuamsha usiku, daktari atafute kitu kingine. Na ganzi ikikaa hapo isiondoke, ukashindwa kukojoa au choo kikaanza kutoka chenyewe au miguu ikalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu neva za chini ya mgongo zinaweza kuwa zimebanwa, na hizo hazingojei. Dada zetu nao hupata hii, wengine baada ya kujifungua, na wao huambiwa tu ni maambukizi ya mkojo, tena na tena.

Binamu yuko wapi sasa? Miezi mitano imepita. Neva hupona polepole, na kuna watu ambao hufika mpaka sindano za neva na hata upasuaji wa kuifungulia njia, na si wote hupata nafuu. Yeye anasema siku za kawaida ni kama joto tu, na Ijumaa yenye jamu moto unarudi kufika Roysambu. Amerudi chumba chake. Ule mto wa U makanga waliuchekea wiki moja, halafu dere wa gari la nyuma akamwomba kimya kimya namba ya fundi wa magodoro.