Hati ya forodha isiyosomeka kwa sauti ni hasara kwa mfanyabiashara

Mfanyabiashara asiyeona anayeishi Wanyange, nje kidogo ya Jinja, anaweza kununua maharage Mbale na kuyauza ng'ambo ya Busia. Hesabu anaijua, soko analijua. Kinachomkwamisha mara nyingi ni hati ya PDF iliyotumwa kwenye simu. Programu ya kusoma skrini, kama TalkBack ya simu au NVDA ya kompyuta isiyolipiwa, inanyamaza au inasoma mchanganyiko. Inambidi amlipe mtu amsomee, na kuamini anachoambiwa.

Tuchukue mfano wa karatasi ya maelekezo yenye safu mbili. Kushoto imeandikwa: mzigo usiozidi dola 2,000 uliozalishwa ndani ya Jumuiya, jaza cheti rahisi cha uasili mpakani. Kulia: mzigo unaozidi dola 2,000, tumia wakala wa forodha na cheti kamili cha uasili. Mwenye macho anaona mambo mawili. Lakini mwandishi akiwa amezitenganisha safu hizo kwa kubonyeza nafasi na Tab, kompyuta inaona mistari inayovuka ukurasa mzima. Msikilizaji anasomewa hivi: "Mzigo usiozidi dola 2,000 mzigo unaozidi dola 2,000 uliozalishwa ndani tumia wakala…" Hapo mwenye magunia machache anaweza kumlipa wakala asiyemhitaji.

Dawa inaanza kwenye Word, kabla PDF haijazaliwa. Ondoa nafasi hizo na uandike sehemu mbili, moja chini ya nyingine, kila moja na kichwa chake. Kichwa kisiwe maneno yaliyokolezwa wino tu; chagua `Heading 1` au `Heading 2` kwenye orodha ya `Styles`. Kwa kompyuta, wino mzito hauna maana yoyote. Kichwa halisi humwezesha msikilizaji anayetumia NVDA kubonyeza herufi H na kuruka moja kwa moja hadi "Mzigo usiozidi dola 2,000", bila kusikiliza kurasa zote.

Kisha picha. Tuseme hati ina picha ya magunia mawili, moja lina alama ya vema, jingine lina mkasi. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua `View Alt Text`, uandike inachofundisha: "Gunia lililoshonwa mdomo linakubaliwa, lililojazwa kupita mdomo linakataliwa." Kuandika "picha ya magunia" hakumsaidii mtu. Pambo lisilo na ujumbe liwekewe alama ya `Decorative`, ili programu ilipite kimya.

Mwisho, namna ya kuhifadhi. Wengi huchagua `Print`, kisha `Microsoft Print to PDF`. Njia hiyo hutupa lebo zote za vichwa, mpangilio na picha. Tumia `Save As`, chagua PDF, fungua `Options` na uhakikishe `Document structure tags for accessibility` imewekewa alama. Kwa LibreOffice, chagua `Export as PDF` na uweke alama kwenye `Tagged PDF`.

Kujua kama kazi imefaulu ni rahisi. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likigoma, hiyo ni picha tupu ya karatasi iliyoskaniwa, na hakuna cha kusomwa. Likikubali, fungua Acrobat Reader, ingia `Properties`, utazame kama `Tagged PDF` inasema `Yes`. Hata hivyo, `Yes` huthibitisha tu kwamba lebo zipo. Haisemi kama mpangilio una maana. Ile karatasi yetu ya nafasi na Tab ingepata `Yes` na bado ingesoma upuuzi. Ndiyo maana lazima mtu aisikilize yote mara moja kabla haijatumwa. Tena, kwenye simu programu nyingi za kufungua PDF hazifuati lebo vizuri, kwa hiyo ni busara kuituma na faili ya Word yenyewe.

Uganda na Kenya ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 21 inataka taarifa za umma zitolewe kwa namna inayofikika. Wanaotoa maelekezo ya mipakani wanabanwa na ahadi hiyo. Vyama vya wafanyabiashara navyo visisubiri: hati inayofika kwenye kundi la WhatsApp ikiwa picha ya karatasi irudishwe kwa aliyeituma, naye aombwe faili ya awali. Aliyeichapa anayo kwenye kompyuta yake, na kuirekebisha kurasa mbili ni kazi ya chini ya nusu saa.