Saa 72 Si Muda wa Kusubiri

Mwanamke anayeulizia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vinavyojulikana mitaani kama P2, mara nyingi huambiwa: "Una siku tatu." Kauli hiyo si ya uongo, lakini humfanya aamini kwamba kumeza leo au kesho kutwa ni mamoja. Naona tumweleze vingine.

Mbegu za kiume huweza kuishi katika njia ya uzazi hadi siku 5 zikilingoja yai. Levonojestreli, dawa iliyomo ndani ya P2, huchelewesha yai kutoka katika ovari, ili mbegu zife kabla ya kulikuta. Yai likishatoka, dawa haina la kuchelewesha.

Tuchukue mfano wa mwanamke ambaye kondomu imepasuka Ijumaa saa 4 usiku, na yai lake litatoka Jumapili usiku. Akimeza Jumamosi asubuhi, yai laweza kucheleweshwa. Akingoja hadi Jumatatu asubuhi, zimepita saa 58 tu, yumo ndani ya "siku tatu", lakini yai limekwisha kutoka. Kwa kuwa hakuna ajuaye kwa yakini siku ya yai lake, ushauri salama ni mmoja: meza sasa. Aliyechelewa awekewe kitanzi cha shaba ndani ya siku 5. Hicho hudhoofisha mbegu zenyewe, na ndiyo njia ya dharura yenye nguvu kuliko zote.

Tukielewa hayo, dhana potofu hujibika. P2 haitoi mimba: mimba iliyokwisha kutunga haiguswi na dawa hii. Haileti ugumba: hedhi huweza kuwahi au kuchelewa siku chache, kisha mzunguko hurejea. Wala haimkingi mtu kwa siku zinazofuata. Kinyume chake, yai lililocheleweshwa laweza kutoka baadaye na kukutana na mbegu za tendo jipya. Hivyo atumie kondomu au aanze njia ya kawaida ya uzazi wa mpango.

Kwa wenzangu watoa huduma: pakiti yenye vidonge viwili vya miligramu 0.75 humezwa vyote kwa pamoja, bila kuachanisha saa 12. Akitapika ndani ya saa 2, arudie. Tumuulize kama anatumia rifampisini ya kifua kikuu au efavirenzi ya kupunguza makali ya VVU, kwani hizo hupunguza nguvu ya levonojestreli. Huyo afaa kitanzi, au dozi maradufu. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7, apime mimba.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kumhoji mwanamke kuhusu ndoa au mwenendo wake. Maswali ya namna hiyo hula saa zile zile ambazo dawa inazihitaji.