Fahirisi ipi itangulie?

Ni kweli kwamba muhtasari wa soko wa kila mwezi usizidi ukurasa mmoja, lakini sentensi yake ya kwanza isipitwe kwa haraka, kwani ndiyo aghalabu huwapotosha wateja. Dalali wa hisa wa Dar es Salaam akianza kwa kusema kuwa fahirisi ya DSEI imeshuka, mteja mwenye hisa za CRDB na NMB pekee hudhani mali yake imepungua, ilhali fahirisi hiyo hujumuisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa humo, kama KCB, ambazo thamani yake hufuata bei za Nairobi. Kwa hiyo itangulie TSI, ipimayo kampuni za nchini tu, na ile nyingine, ikitajwa, ifuatane na sababu ya kupanda au kushuka kwake.

Kadhalika mauzo: mwezi ambao mwekezaji mkubwa amemuuzia mwenziwe fungu la hisa kwa mapatano, jumla huruka, na kuandika kwamba soko limechangamka ni kumhadaa msomaji; yatosha kusema, "Bila ya fungu hilo moja, mauzo yangekuwa kama ya mwezi uliopita."

Utabiri wa bei mimi huuacha nje kabisa, ila siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila haki ya gawio sharti itajwe, maana hisa ya shilingi 2,000 yenye gawio la 100 ikishuka siku hiyo kuelekea 1,900, mteja asiyeambiwa hupiga simu kuuliza nani kamlia fedha zake.