Bei ya safari ya kikundi isipangwe kwa kuhesabu viti

Kwa miaka ya karibuni vikundi vya Watanzania wenyewe, wakiwamo walimu, wanakwaya, wanachama wa SACCOS na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, vimekuwa vikitoka Mwanza kwenda kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kurudi siku hiyo hiyo. Biashara hiyo imewavuta wafanyabiashara wadogo wengi. Hata hivyo, wapo wanaoiacha baada ya safari mbili au tatu wakiwa na madeni, na sababu kubwa si kukosa wateja. Ni hesabu ya bei iliyofanywa vibaya tangu mwanzo.

Makosa hayo yanafanana. Mwenye safari anajumlisha gharama zote, anagawa kwa idadi ya viti vya gari, anaongeza faida kidogo na kutangaza bei. Siku ya safari ikifika, watu tisa hawaonekani. Dereva, dizeli na mwongoza watalii wanadai fedha zao zilezile.

Tuchukue mfano wa safari ya siku moja kwa kosta ya abiria 25 kupitia lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, ukishapita Magu na Lamadi. Kutoka mjini hadi langoni ni takriban kilomita 140. Kwenda na kurudi ni 280, na kuzunguka ndani ya hifadhi tuweke kilomita 120, jumla 400. Kosta ikila lita moja kwa kilomita tano, inahitaji lita 80. Viwango tunavyotumia hapa ni vya mfano, na kila mmoja aweke vya kwake vya siku hiyo.

Gharama ziwekwe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zisizobadilika hata wakienda watu watano. Tuseme kukodi gari na dereva ni Sh350,000, dizeli lita 80 kwa Sh3,000 ni Sh240,000, kiingilio cha gari Sh60,000, malipo ya mwongoza watalii Sh80,000, chakula na kiingilio cha mwongozaji na dereva Sh50,000, na simu na usafiri wa maandalizi Sh20,000. Jumla ni Sh800,000.

Fungu la pili ni la kila kichwa. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima tukikiweka Sh11,800 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani, chakula cha mchana Sh8,000 na maji Sh1,200, kila abiria anagharimu Sh21,000.

Anayegawa kwa viti 25 anapata Sh32,000 kwa kila kiti, akiongeza Sh21,000 inakuwa Sh53,000. Anatangaza bei ya Sh60,000 na kujihesabia faida ya Sh175,000. Wakija watu 16, anakusanya Sh960,000, lakini matumizi ni Sh1,136,000. Faida aliyoitarajia imegeuka hasara ya Sh176,000. Kwa bei hiyo alihitaji watu 21 ili arudishe fedha zake tu.

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapangi bei kana kwamba magunia yote yatafika sokoni yakiwa makavu. Anajua mengine yatanyeshewa njiani. Mwenye safari naye agawe gharama zisizobadilika kwa watu ambao ana hakika watakuja. Kwa kosta ya viti 25, ni vema ahesabu watu 20.

Sh800,000 kwa watu 20 ni Sh40,000. Ukiongeza Sh21,000 unapata Sh61,000, ambayo ndiyo gharama halisi. Juu yake iwekwe akiba ya tahadhari ya asilimia 10, yaani Sh6,100, kisha faida ya Sh7,900. Bei inakuwa Sh75,000.

Kabla ya kuitangaza, bei hiyo ijaribiwe. Toa Sh21,000 za abiria, zinabaki Sh54,000 za kulipia fungu la kwanza. Gawa Sh800,000 kwa Sh54,000, jibu linakaribia 15. Maana yake ni kwamba watu 15 wakija safari haina hasara, na wakipungua hapo iahirishwe mapema. Wakija 20, zinabaki Sh280,000, ambazo Sh122,000 ni akiba na Sh158,000 ni faida.

Wengi wanaichukulia akiba hiyo kuwa faida nyingine na kuigawana jioni ileile. Akiba ina kazi yake. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo safari iliyouzwa mwezi huu na kufanyika mwezi ujao inaweza kukuta bei nyingine. Dizeli ikipanda Sh200 kwa lita, lita 80 zinadai Sh16,000 zaidi. Aidha, eneo la Ndabaka ni tambarare lenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukinyeshewa hunasa magari. Kosta ikikwama, kuna dizeli inayoungua bure na gari la kuivuta linalodai malipo. Akiba isiyotumika ihifadhiwe kwa ajili ya safari inayofuata.

Lakini akiba ina mpaka wake. Haiwezi kulipa gari la pili endapo la kwanza litaharibika kabisa, wala haiwezi kuchukua nafasi ya bima. Kwa hiyo makubaliano na mwenye gari yaandikwe, yakisema nani analeta gari mbadala na kwa gharama ya nani. Wakati wa masika kosta isipelekwe huko kwa kutegemea asilimia 10. Ama zikodiwe gari zenye kuendeshwa na magurudumu yote na hesabu ifanywe upya, ama safari isogezwe hadi kiangazi.

Jambo jingine ni kiingilio cha wasio raia. Kwa Serengeti wageni wasio raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa viwango vya dola, ambavyo ni mara nyingi ya kile cha Mtanzania. Wageni wawili wakiingizwa katika orodha kwa bei ya Sh75,000, wanaweza kumeza faida ya kundi zima na zaidi. Kila anayejiandikisha aulizwe uraia wake na aje na kitambulisho. Malipo ya TANAPA nayo hayafanywi kwa fedha taslimu langoni, hivyo fedha za viingilio ziwe zimekusanywa na kulipwa kabla gari halijaondoka mjini.

Ndiyo maana malipo ya awali ni sehemu ya bei. Kwa mfano wetu, abiria alipe Sh54,000 wiki moja kabla, na ijulikane wazi kuwa asipotokea hazirudishwi, kwa kuwa ndizo zinazolipa gari na dizeli ambavyo havimsubiri. Sh21,000 zilizobaki azilipe siku mbili kabla ya safari.

Wapo watakaosema mwenzao anatoza Sh60,000 na wateja watamkimbilia. Huenda ikawa hivyo kwa safari moja. Lakini anayetoza chini ya gharama atalazimika kufidia mahali fulani, na mara nyingi hupunguza mwongozaji, au huchukua gari lisilo na leseni ya LATRA ya kukodiwa nje ya njia yake. Ni rai yetu kwamba wafanyabiashara wa Mwanza wawaandikie wateja mchanganuo wa bei, kiingilio kiasi gani, gari kiasi gani, chakula kiasi gani. Mteja akiona kila shilingi inakokwenda, atajua pia ni kitu gani kimeondolewa kwa yule anayeuza kwa Sh60,000.