Kuposti Kwake Si Ruhusa Kwako: Picha za Bibi Harusi na Sisi Mafundi



Huku kwetu Masasi harusi huja kwa wingi korosho zikishauzwa. Minada ikianza Oktoba, hela inaingia nyumbani, na kuanzia hapo mpaka karibu na Ramadhani sisi mafundi hatulali. Kila bibi harusi anayetoka dukani kwetu na gauni la nikahi tunamwomba jambo moja: akipenda, aposti picha yake mwenyewe, nasi atujulishe. Picha ya mteja inauza kuliko picha yoyote tutakayopiga sisi. Mwenzake wa Newala au Nachingwea akiona gauni limekaa vizuri mwilini mwa mtu anayemfahamu, hahitaji maneno mengi.

Lakini tuna maoni yetu kuhusu kinachofuata baada ya yeye kuposti. Mafundi na wapambaji wengi, nasi tukiwamo zamani, tunafikiri kwamba mteja akishaiweka picha hadharani basi ni halali yetu, tunaichukua na kuandika jina lake chini. Tunasema hapana. Jina ni shukrani. Ruhusa ni jambo lingine, na lazima itangulie.

Tulijifunza kwa aibu. Bibi harusi mmoja aliweka picha ya usiku wa hina kwenye stetasi ya WhatsApp. Kichwa wazi, nywele zimesukwa, dera letu la hariri limemkaa kama alizaliwa nalo. Tukapiga skrinshoti, tukaweka kwenye stetasi ya duka na jina lake na makopakopa. Hatukujua kwamba yeye alikuwa amechagua watu wa kuiona, wanawake watupu, shangazi na mashoga zake. Namba ya duka letu ina kila mtu: wauza vitambaa, madereva wa mabasi wanaotuletea mizigo, hata shemeji za bwana harusi. Kabla ya adhuhuri mama mkwe alishapiga simu. Tulifuta papo hapo, lakini mtu alikuwa ameshaichukua na kuituma kwenye kundi la ukoo. Tulikwenda kuomba radhi kwa miguu yetu. Binti alitusamehe, ila alituambia neno ambalo bado tunalo: "Dada zangu, mimi niliwaonyesha ninyi, sikuwaambia muonyeshe watu."

Hapo ndipo penye kiini. Picha ile ile ikihama kutoka ukurasa wake kuja ukurasa wetu, watazamaji wanabadilika. Kwake wanatazama dada zake, kwetu wanatazama wasiomhusu. Sisi Waislamu tunafundishwa katika Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, kwamba nyumba isiyo yako huingii mpaka ubishe hodi na upewe ruhusa, na ukiambiwa rudi, unarudi. Tunaona picha ya mtu ni mlango wa namna hiyo. Mlango ukiwa wazi bado unabisha hodi.

Sasa tunafanya hivi. Mteja akiposti, tunamwandikia ujumbe yeye mwenyewe, si mume wala dada yake. Hatumuulizi "tunaweza kutumia picha yako?" kwa sababu swali hilo ni pana mno, na mtu mwenye haya atajibu ndiyo ili asituudhi. Tunauliza vipande vipande: picha ipi hasa, tuiweke wapi, uso uonekane au usionekane, na jina tuandike au tuache. Mwishoni tunaongeza: "Ukisema hapana hatutakasirika, na ukibadilisha mawazo baadaye tutafuta." Akikaa kimya, kimya hicho tunakihesabu kuwa hapana. Hatumkumbushi mara ya pili.

Msimu uliopita bibi harusi wa Newala alitutumia picha tatu za shela lake. Akajibu kwamba ya mbele hapana, ya mgongoni sawa kwa sababu mkia na vifungo vinaonekana, iende Instagram tu, jina lisiandikwe, na tusubiri fungate liishe. Tulifuata hivyo hivyo, na majibu yake tukayahifadhi pamoja na vipimo vyake kwenye daftari. Kabla ya kuiweka tuliikagua tena, tukaona hina ya kiganjani imeandikwa herufi za majina yao wawili, na kwenye kioo cha kabati nyuma uso wa mdogo wake unaonekana. Tukaikata picha chini ya kiwiko na pembeni mwa kabati, tukamrudishia aione kwanza. Alipokubali ndipo tukaiweka.

Kuhusu kuficha uso, jihadharini. Wengi wanapaka rangi juu ya uso kwa kidole, na ile ya kuangazia maandishi si nzito, mtu akiongeza mwanga kwenye picha uso unaweza kutokeza chini yake. Kukata picha ni salama zaidi. Na ile picha kamili ifuteni kwenye simu ya duka, maana siku moja mtoto au msaidizi ataigusa akaituma bila kujua.

Kuna na mpiga picha. Picha kama ilipigwa na mtu wa kazi, ruhusa ya bibi harusi peke yake haitoshi, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama kazi ya aliyeipiga. Tunamwuliza naye, tunaandika jina la ukurasa wake, na la aliyechora hina kama hina inaonekana. Hao nao wakiposti hutukumbuka sisi.

Sheria nayo imefika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Kwa jirani zetu Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza sehemu moja ya starehe Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Kwa fundi wa cherehani mbili, hela hiyo ni duka lote na cherehani zake.

Wapo watakaosema, mpe punguzo bibi harusi akubali. Hilo tunalipinga. Ukimwambia atapunguziwa akionyesha uso, anayejisitiri umemtoza faini kwa stara yake, na mwenye shida ya hela atakubali jambo ambalo moyo wake haulitaki. Sisi zawadi yetu ni mtandio uliopindwa vizuri, tunauweka kwenye mfuko wa kila bibi harusi, aposti asiposti.

Tunakiri, kwa njia hii picha zetu ni chache. Kuna wiki hatuna hata moja, tunaweka gauni kwenye sanamu au kipande cha shingo na taraza. Lakini yule binti wa dera la hariri, mwaka jana alimleta mdogo wake kushonewa la nikahi. Alipokuwa anatoka alituambia, "Picha za huyu mtaniuliza mimi kwanza." Tukamjibu hapana, dada, tutamuuliza mwenyewe. Akacheka, akasema sasa mmeelewa.

Wallahu a'lam.